Nikiandika "no sleeves" modeli inanichorea gauni la mikono mirefu. Tatizo liko wapi?

MshonaNdoto

Wakuu habarini. Mimi ni fundi wa nguo. Siku hizi, kabla sijagusa mkasi, nachora kwanza wazo kwa modeli ya picha ili mteja aone gauni litakavyokaa. Natumia Stable Diffusion XL kwenye kompyuta yangu, na kwa kazi nyingi inanisaidia sana. Kuna kitu kimoja tu kinanitoa jasho. Mteja anataka gauni la kijani, kata mikono. Nikaandika hivi:

```
a woman in a green dress, no sleeves, standing in a garden
```

Nikatoa picha 8 kwa mkupuo. 6 kati yake zina mikono, na 2 katika hizo ni mikono mirefu hadi kiganjani, imebana kabisa, kama vile nimeiomba. Nikaongeza msisitizo nikaandika "no sleeves, without sleeves, absolutely no sleeves". Sasa zote 8 zikaja na mikono! Nilipoifuta kabisa ile "no sleeves" nikabaki na "green dress" tu, nikapata magauni 3 yasiyo na mikono bila hata kuomba.

Yaani nikikataa napewa, nikinyamaza naachiwa. Hii ni akili gani?

---

Tumbili_Mweupe

Mkuu hilo tatizo la mikono ni la modeli zote. Mimi kila nikichora mtu anatoka na vidole sita, mara kiganja kimegeukia nyuma. Andika "five fingers, correct anatomy" halafu ongeza hatua za kuchora hadi 40. Itapungua.

---

MshonaNdoto

@Tumbili_Mweupe ndugu yangu, mikono ya gauni, siyo mikono ya mtu! Ya mtu iko salama, nashukuru.

---

Tumbili_Mweupe

Ahaa, samahani. Nilisoma haraka.

---

BiRangi

Msimcheke sana, hata kompyuta inaanguka kwenye shimo hilohilo. Kuna tovuti moja ya kuchora nilikuwa naitumia, unaandika Kiswahili, yenyewe inatafsiri kisirisiri kabla ya kuchora. Nikaandika "msichana aliyevaa blauzi bila mikono". Nikaletewa msichana amevaa blauzi nzuri ya mikono mifupi, na mikono yake mwenyewe haipo, imeishia begani. Nikajaribu "blauzi ya kata mikono", hapo sitasimulia kilichotokea.

Tangu siku hiyo prompti naandika kwa Kiingereza mwenyewe, hata kama ni cha kuungaunga.

Lakini nina swali linalofanana na la mtoa mada. Nachora picha za hadithi za watoto, na kuna babu mmoja sitaki awe na ndevu. Nikiandika "no beard" anakuja na ndevu mpaka kifuani. Ni ugonjwa uleule?

---

FundiPikseli

Ni uleule, BiRangi. Ngoja niueleze kwa kuanzia kule modeli ilikofundishwa, maana ukipaona hapo mengine yanajieleza.

Stable Diffusion XL haisomi sentensi yako kama unavyoisoma wewe. Kuna sehemu inayobadilisha maneno kuwa namba kabla mchoro haujaanza, na sehemu hiyo inatokana na CLIP. CLIP ya kwanza ilitoka 2021, ikafundishwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi yaliyookotwa mtandaoni. Mafunzo yenyewe yalikuwa mchezo wa kuoanisha: hizi hapa picha nyingi, haya hapa maandishi mengi, sema maandishi yapi ni ya picha ipi.

Sasa jiulize, mtu anapoweka picha mtandaoni anaandika nini chini yake? Anaandika kilichopo. "Mwanamke mwenye gauni jekundu la mikono mirefu." Hakuna anayeandika "mwanamke asiye na mikono ya gauni, asiye na kofia, asiye na mbwa, asiyeshika mwavuli". Vitu visivyokuwepo kwenye picha havina mwisho, kwa hiyo watu hawavitaji. Neno "sleeves" likatokea mara nyingi mno, na karibu kila lilipotokea kulikuwa na mikono ya nguo ndani ya picha.

Halafu kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Ili CLIP ishinde ule mchezo wa kuoanisha, haikulazimika kujua maana ya "no". Ikiona "dress", "green", "sleeves" na "garden", majina hayo peke yake yanatosha kuchagua picha sahihi katika rundo. Kitu ambacho mwanafunzi anafaulu bila kukisoma, hakisomi. Kwa hiyo "no" na "without" zinaingia kwenye namba zikiwa na uzito mdogo sana, na "sleeves" inaingia na uzito wake wote.

Ndiyo maana MshonaNdoto ulipoandika "sleeves" mara 3 ukapata mikono mara 8. Wewe ulidhani unakataa kwa nguvu, kumbe ulikuwa unaagiza kwa nguvu.

---

Kapteni_Mawimbi

Suluhisho ni rahisi wakuu, msisumbuke na falsafa. Pale chini kuna kisanduku kimeandikwa `Negative prompt`. Chukua "no sleeves" uhamishie huko. Kazi imeisha. Mimi nafanya hivyo kila siku.

---

FundiPikseli

@Kapteni_Mawimbi kisanduku ni sahihi, ulichokiweka ndani yake ndicho kina kasoro. Pale unaandika kitu chenyewe usichokitaka, yaani `sleeves`. Ukiandika "no sleeves" kwenye kisanduku cha kukataa, kwa mantiki ya kawaida umekataa ukosefu wa mikono, maana yake umeomba mikono.

---

Kapteni_Mawimbi

Lakini mimi naandika "no sleeves" humo na inafanya kazi mkuu. Naapa. Wiki hii tu nimetoa picha za wacheza kikapu na singlendi zao, safi kabisa.

---

FundiPikseli

Nakuamini, na inafanya kazi kwa sababu ileile iliyomuangusha mtoa mada: modeli haioni "no" yako. Humo inasoma "sleeves" tu na kuikwepa. Wewe umekosea mara mbili, makosa yakafutana. Pia wacheza kikapu wangekuja na singlendi hata usingeandika lolote.

---

Kapteni_Mawimbi

😂😂 Haya, basi nitabaki na makosa yangu mawili.

---

MshonaNdoto

Nimejaribu sasa hivi. Prompti nimeiacha "a woman in a green dress, standing in a garden", na kwenye `Negative prompt` nimeweka `sleeves`. `seed` ileile, yaani namba ileile ya kuanzia mchoro, picha 8. 5 hazina mikono, 2 zina kile kimkono kifupi kinachofunika bega tu, na 1 modeli imemgeuza mwanamke akaweka mikono nyuma, na nywele zimemfunika mabega. Ni kama imekwepa swali!

Imesaidia, lakini bado siyo kile ninachokitaka. Halafu nikaenda kwenye ile modeli yangu nyingine ya haraka, inayochora kwa hatua 4. Huko kisanduku hakifanyi lolote. Niweke nisiweke, picha ni zilezile.

---

FundiPikseli

Yote mawili uliyoyaona yanatoka mahali pamoja. Kwenye kila hatua ya kuchora modeli inabashiri mara mbili: mara moja ikifuata prompti yako, mara nyingine ikifuata kile kisanduku cha kukataa (kama hakina kitu, inafuata maandishi matupu). Kisha inachukua tofauti ya hizo mbili na kuizidisha kwa namba unayoiona pale imeandikwa `CFG Scale`:

```
matokeo = neg + cfg * (pos - neg)
```

Tufanye mchezo wa namba. Hizi ni za kubuni, za kuelewea tu. Tuseme tunaweza kupima "umikono" wa picha: namba kubwa ni mikono mingi, namba chini ya sifuri ni mabega wazi. Maandishi matupu yana umikono 2, kwa sababu watu wengi kwenye picha huvaa nguo zenye mikono. "Green dress" tupu ina 3. Ukiongeza "no sleeves" inakuwa 5, kwa sababu neno "sleeves" limeingia. `CFG Scale` iko 7.

Prompti ya kwanza ya MshonaNdoto, yenye "no sleeves": 2 + 7 × (5 − 2) = 23. Mnaona? Kosa dogo la maneno limezidishwa mara saba. Ukikasirika ukapandisha `CFG Scale` hadi 12, unapata 38.

Sasa "green dress" kwenye prompti, na `sleeves` yenye 5 kwenye kisanduku: 5 + 7 × (3 − 5) = −9. Imeenda upande unaoutaka. Hapo ndipo zilipotoka picha zako 5.

Modeli nyingi za haraka zimepikwa zifanye kazi `CFG Scale` ikiwa 1. Weka 1 kwenye hesabu: 5 + 1 × (3 − 5) = 3. Ni ileile 3 ya prompti. Kisanduku kimejifuta chenyewe kwenye hesabu. Programu nyingi zikiona 1 haziusumbukii hata ubashiri wa pili, ndiyo maana picha hazikubadilika. Kwa hiyo kama umezoea kutegemea kisanduku, siku ukihamia modeli za namna hiyo unajikuta huna silaha.

Na kuhusu yule mwanamke aliyejificha mikono: kisanduku kinaiambia modeli ikimbie kutoka mahali fulani, hakiiambii ikimbilie wapi. Kumgeuza mtu, kukata picha kifuani, kumfunika nywele au mtandio, zote hizo ni njia halali za kuwa mbali na "sleeves". Mwambie mtoto asikae kwenye kiti, utamkuta mezani.

---

BiRangi

Hapo kwa mtoto umenimaliza, mimi ninao wawili.

---

FundiPikseli

Basi unajua tiba: unamwonyesha pa kukaa. Tuje sasa kwa gauni.

Kiingereza kina neno moja lenye maana ya kata mikono, nalo ni "sleeveless". Linatofautiana sana na "no sleeves" ingawa kwa mtu ni kitu kimoja. Wauza nguo mtandaoni wameliandika chini ya picha nyingi mno, na karibu zote zinaonyesha bega na mkono wazi. Kwa CLIP hilo ni jina la kitu kinachoonekana, kama "kijani" au "pamba". Halihitaji kuelewa ukanushi.

Kwenye mchezo wetu wa namba, tuseme "sleeveless green dress" ina umikono 0. Kisanduku kiwe kitupu: 2 + 7 × (0 − 2) = −12. Hata ukienda kwenye modeli ya haraka yenye `CFG Scale` 1, unabaki na 0, ambayo ni bora kuliko 3. Neno lililoko ndani ya prompti linakufuata kila modeli, kisanduku hakikufuati.

Lakini usiishie kwenye neno hilo moja. Jiulize: mahali ambapo mikono ya gauni ingekuwepo, kamera ingeona nini? Ingeona ngozi ya mkono wa juu. Ingeona kamba ya begani. Ingeona ukingo wa nguo unapoishia begani. Viandike hivyo. Kila neno la prompti linatafuta eneo lake ndani ya picha wakati wa kuchora, kwa hiyo eneo la mkono likishapata mwenyewe, "sleeves" haina pa kukaa.

```
a woman in a sleeveless green cotton dress, wide shoulder straps,
bare upper arms, thin silver armlet above her elbow,
standing in a garden
```

Hiyo bangili ya mkono wa juu siyo pambo. Ni kitu ambacho kwenye picha nyingi huvaliwa juu ya ngozi, kwa hiyo kinavuta ngozi pamoja nacho. Kama mteja haipendi, utaifuta baadaye.

---

ZamaniNilijua

Ongezeni pia "bare shoulders", ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

---

MshonaNdoto

@ZamaniNilijua nimeijaribu hiyo kabla ya ya FundiPikseli, na kama fundi nikushauri uwe nayo makini. "Bare shoulders" iliniletea yale magauni yanayoshuka chini ya mabega, mabega wazi kweli, lakini mikono ipo! Imeanzia chini ya bega ikaenda hadi kiganjani. Modeli haijadanganya, nimeomba mabega na mabega nimepewa. Picha nyingine ilikatwa juu ya kifua, mtu anaonekana kama hajavaa kitu. Hiyo siwezi kumtumia mteja.

Kwa hiyo kwetu mafundi "bega wazi" na "kata mikono" ni mishono miwili tofauti, na inaelekea modeli nayo inajua hivyo.

---

FundiPikseli

Hapo fundi wa nguo ameshinda fundi wa pikseli. Ndiyo maana nimeandika "bare upper arms" na nikaweka kamba za begani. Mkono wa juu ndio wenye ugomvi, bega ni jirani tu.

---

MshonaNdoto

Matokeo ya prompti ya FundiPikseli: `seed` ileile, kisanduku kitupu, picha 8. Zote 8 kata mikono. Bangili imetokea kwenye 5. Nimefurahi nusura nipigie kelele majirani.

Ila furaha haikudumu. Mteja anataka gauni liwe na lesi, na mandhari iwe ya majani yanayopukutika. Nikaongeza "vintage lace, autumn" mwishoni. Mikono imerudi kwenye picha 4, mikono mirefu ya lesi inayoonyesha ngozi. Sasa "sleeveless" ipo, kamba zipo, "bare upper arms" ipo. Nini tena?

---

FundiPikseli

Sasa umefika kwenye sehemu inayosumbua hata wazoefu. Neno "sleeves" halipo popote, lakini kuna neno jingine lililoibeba mgongoni. Tafuta ni lipi. Shikilia `seed`, toa picha 8 ukiwa umeondoa "vintage", halafu 8 bila "lace", halafu 8 bila "autumn". Ondoa moja moja, usiondoe mawili kwa pamoja, na usihukumu kwa picha moja kwa sababu picha moja inaweza kuwa bahati tu.

---

MshonaNdoto

Nimemaliza. Bila "vintage" mikono kwenye picha 3. Bila "autumn" mikono kwenye picha 3. Bila "lace" hakuna hata moja. Mwizi ni lesi!

Na ukifikiria inaeleweka. Magauni ya lesi yaliyojaa mtandaoni ni ya harusi, na ya harusi mengi yana mikono ya lesi. Mimi mwenyewe nimeshona mengi ya hivyo.

Ila lesi siwezi kuiondoa, ndiyo oda yenyewe.

---

FundiPikseli

Usiiondoe, ipe mahali. Neno "lace" likiachwa linaelea mwishoni kwa mkato wake peke yake, linajichagulia pa kukaa, na limezoea mikononi. Liunganishe na sehemu ya gauni: "sleeveless green dress with a lace bodice". Kama linaning'inia bado, ongeza uzito wa neno unalolitaka. Kwenye programu za aina ya AUTOMATIC1111 ni hivi:

```
(sleeveless:1.3) green dress with a lace bodice, wide shoulder straps
```

Usivuke 1.4 hivi. Na usirundike kila kitu kwa pamoja, yaani uzito mkubwa, kisanduku kimejaa "sleeves, long sleeves, short sleeves, cap sleeves", na `CFG Scale` juu. Rudi kwenye mchezo wa namba: prompti 0, kisanduku 5, unapata 5 + 7 × (0 − 5) = −30. Umevuka mpaka. Dalili zake utaziona kwa macho: rangi zinaungua, kijani kinakuwa cha plastiki, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta ya taa, na wakati mwingine bega linakuwa na umbo la ajabu. Ukiona hivyo punguza, usiongeze.

---

BiRangi

Nami nimejaribu kwa babu yangu. Badala ya "no beard" nimeandika "clean-shaven old man, smooth chin, deep smile lines around the mouth". Ndevu zimeondoka! Ile mikunjo ya tabasamu ndiyo imechukua nafasi yake, na babu amependeza zaidi ya nilivyotaka.

Ila kuna moja imenishinda. Babu huyo nataka asiwe na miwani. Neno la "asiye na miwani" kama lile la "clean-shaven" silioni. "Bare eyes"? Inachekesha.

---

FundiPikseli

Umegusa pabaya. Njia hii inategemea lugha iwe na jina la kile kinachobaki. Kwa mikono kuna "sleeveless", kwa ndevu "clean-shaven", kwa viatu "barefoot", kwa nywele "bald". Kwa miwani hakuna jina lililozoeleka kwenye picha. Hapo elezea macho kwa undani, rangi yake, nyusi, mwanga unaoangukia kope, kisha tumia kisanduku kwa `glasses`. Haitakuwa safi kama ndevu.

Na angalia kama kuna neno linaloibeba miwani mgongoni. Umeandika babu anafanya nini?

---

BiRangi

Anasoma gazeti 🙈

---

FundiPikseli

Nilijua tu.

---

Kapteni_Mawimbi

Mimi nina pingamizi. Hizi habari za CLIP ni za zamani. Siku hizi kuna modeli unaongea nazo kama mtu. Nimeiambia moja "draw a woman in a green dress with no sleeves" ikachora sawasawa, mara ya kwanza. Kwa hiyo uzi huu umepitwa na wakati.

---

FundiPikseli

Nusu ni kweli. FLUX.1 na Stable Diffusion 3 zimeongezewa kisomaji cha maneno kiitwacho T5, ambacho kilifundishwa kwa maandishi na kinafuata sentensi vizuri kuliko CLIP. Na zile unazoongea nazo, baadhi huandika upya ombi lako kabla ya kuchora. Inawezekana "no sleeves" yako ilishageuzwa kuwa "sleeveless" kabla mchoro haujaanza. Zipo zinazokuonyesha prompti iliyotumika, ifungue uone.

Lakini upande wa mchoro bado ulijifunza kwa picha zenye maelezo ya vilivyomo, hata kama maelezo hayo sasa ni marefu zaidi. Kuelewa "no" ni jambo moja, kujua mkono wa juu uchorwe vipi ni jambo jingine.

---

ZamaniNilijua

Kwenye hizo za kuongea nazo kuna mtego mwingine. Ilinichorea gauni la mikono, nikajibu "nimesema no sleeves!". Ikaomba radhi, ikachora mikono tena. Nikafoka tena. Tulipofika ujumbe wa tisa neno "sleeves" lilikuwa limejaa mazungumzo yote. Nilipofungua mazungumzo mapya nikaandika "sleeveless" mara moja, ikatoka.

---

Kapteni_Mawimbi

Hiyo ya kufoka imenikuta pia, sisemi uongo. Ila bado naona kwa modeli mpya tatizo ni dogo. Nitapima picha 8 kama mnavyopima nyie, nirudi na majibu.

---

FundiPikseli

Zipime na lesi ndani yake, mkuu. Gauni tupu ni mtihani mwepesi.

---

Tumbili_Mweupe

Samahani kurudi nyuma. Mimi picha ninayo tayari, imependeza kila kitu, ila ina mikono. Lazima nianze upya?

---

FundiPikseli

Hapana. Fungua `Inpaint`, paka rangi ya kufunika juu ya mikono ya nguo, ipite kidogo hadi begani na kwenye ngozi ya chini. `Denoising strength` weka kati ya 0.75 na 0.9. Ukiweka 0.4 modeli bado inaona kitambaa chini na itakuchorea kitambaa kilekile. Na prompti ya hapo ielezee eneo lile tu: "bare upper arm, skin, shoulder strap". Usiandike "remove sleeves". "Remove" ina hatima ileile ya "no".

---

Tumbili_Mweupe

Imekubali. Mikono ya nguo imetoka. Ila sasa mkono wa kushoto una viwiko viwili.

---

MshonaNdoto

Karibu kwenye swali lako la mwanzo 😂

Mimi nimemaliza ya kwangu: "lace bodice" bila hata kuongeza uzito, picha 8, moja tu ina kimkono kifupi cha lesi. Mteja amechagua ya tatu. Anauliza kama naweza kuishona na bangili hiyohiyo mkononi, nimemwambia bangili atafute mwenyewe.